Drivativu sehemu: mwinuko wa kilima kimoja kwa pande mbili

Ikiwa kimo cha kilima kinategemea x na y kwa pamoja, kwa nini tunatafuta drivativu mbili, yaani vipimo viwili vya ukali wa mteremko, na kwa nini y inahesabiwa kama namba isiyobadilika tunapoishughulikia x?

Kwa sababu aliyesimama ubavuni mwa kilima hawezi kutaja ukali wa mteremko kabla ya kusema anaelekea upande gani. Tuchukue kilima ambacho kimo chake, kwa mita, ni

h = 200 − 0.001x² − 0.001xy − 0.002y²

ambapo x ni umbali wa kwenda mashariki na y ni umbali wa kwenda kaskazini, yote kwa mita, kuanzia kileleni. Tukisimama penye x = 100 na y = 50, kimo ni 200 − 10 − 5 − 5, yaani mita 180.

Anayetembea kuelekea mashariki moja kwa moja habadilishi y hata kidogo. Inabaki 50 katika kila hatua. Kwa hiyo kuishika y isibadilike si hila ya kurahisisha hesabu, bali ni maelezo kamili ya njia anayoipita. Katika njia hiyo x² hutoa 2x, y² hutoa sifuri, na xy hutoa y, kwa kuwa hapo y ni kizidishi tu cha x. Drivativu ya kimo kwa upande wa x, y ikiwa imeshikwa, huandikwa ∂h/∂x:

∂h/∂x = −0.002x − 0.001y = −0.25

Wengi hukosea kwenye xy: wakiona y wanaifuta yote, nao hupata −0.2. Njia ya kujihakikishia ni kusogea mita moja. Penye x = 101 na y = 50 kimo ni mita 179.749, yaani tumeshuka mita 0.251, kiasi kilicho karibu sana na 0.25. Tofauti ndogo iliyobaki inatokana na mteremko wenyewe kuzidi kuwa mkali kadiri tunavyosonga. Kwa mita 10 tungeshuka mita 2.6 badala ya 2.5.

Kwa kuelekea kaskazini tunaishika x, na ∂h/∂y = −0.001x − 0.004y = −0.3. Namba hizi mbili zinatosha kwa kila upande mwingine, mradi uso wa kilima ni laini na hatua ni fupi: ukienda a mashariki na b kaskazini, kimo hubadilika kwa takriban −0.25a − 0.3b. Hivyo anayesogea kwa uwiano wa 6 mashariki na 5 kusini, mahali hapo hapandi wala hashuki.

Drivativu zote mbili zikiwa sifuri, usiseme upesi kwamba umefika kileleni. Kwenye uso h = 100 + 0.01xy, penye x = 0 na y = 0, drivativu zote mbili ni sifuri, lakini anayekwenda kaskazini-mashariki hupanda na anayekwenda kaskazini-magharibi hushuka.