Makosa 40 yanapobeba taarifa ya 13: kulinganisha tabiri mbili za robo nne mbele

Una modeli mbili, A na B, zinazotabiri robo nne za mwaka mbele. Umezipima kwa robo 40 ambazo hazikutumika kuzikadiria, na wastani wa makosa ya mraba wa B ni mdogo. Je, B ni bora kweli, au imebahatika tu katika robo hizo?

Njia ya Diebold na Mariano, waliyoichapisha mwaka 1995, haiulizi modeli zimeundwaje. Inaangalia mfululizo mmoja tu: kwa kila robo, chukua hasara ya A utoe hasara ya B. Tukipima hasara kwa mraba wa kosa, robo ambayo A ilikosea kwa 2.5 na B kwa 1.5 inatoa 6.25 − 2.25 = 4.00. Ukishapata tofauti zote 40, swali linakuwa jepesi: je, wastani wake uko mbali na sifuri kiasi cha kutosha?

Tuseme wastani huo ni 0.36 na varianzi ya tofauti ni 1.00. Wengi hugawanya varianzi kwa 40, wakachukua kipeuo cha pili na kupata kosa sanifu la 0.158. Kisha 0.36 ÷ 0.158 ni 2.28, inayopita 2.02, mpaka wa kiwango cha 5% kwa pande mbili. B inatangazwa mshindi.

Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Inachukulia kwamba tofauti za robo moja hazihusiani na za robo inayofuata, na kwa utabiri wa robo nne mbele hilo haliwezekani. Utabiri uliotolewa robo hii na ule wa robo ijayo vinapita kwenye robo tatu zilezile. Mshtuko ukitokea ndani ya hizo tatu, unaharibu tabiri zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo hata utabiri ulio bora kabisa, ukiwa wa hatua h mbele, utakuwa na makosa yanayohusiana hadi umbali wa h − 1. Hapa ni umbali wa 3.

Dawa ni kuongeza kovarianzi kati ya kila tofauti na zile zilizoitangulia. Tuseme kwa umbali wa 1, 2 na 3 ni 0.60, 0.35 na 0.10. Kila moja inahesabiwa mara mbili:

```
1.00 + 2(0.60 + 0.35 + 0.10) = 3.10
sqrt(3.10 / 40) = 0.278
0.36 / 0.278 = 1.29
```

Ushindi umeyeyuka. Kwa kukadiria wastani huu, robo 40 zinabeba taarifa sawa na robo 13 hivi zisizohusiana, kwa sababu 40 ÷ 3.10 ni karibu 12.9.

Bado kuna marekebisho moja. Sampuli ikiwa ndogo, jaribio hili hukataa mno, yaani huona tofauti mahali isipokuwepo. Harvey, Leybourne na Newbold walipendekeza mwaka 1997 kuzidisha jibu kwa kipeuo cha pili cha (n + 1 − 2h + h(h − 1)/n)/n, kisha kulilinganisha na mgawanyo wa t wenye digrii huru n − 1. Kwetu, n ikiwa 40 na h ikiwa 4, kizidishi ni 0.912, na jibu linashuka hadi 1.18. Thamani ya p ni karibu 0.25.

Katika R, pakiti ya `forecast` hufanya yote haya:

```
dm.test(eA, eB, h = 4, power = 2)
```

Usisahau `h`. Ukiiacha, programu inachukua 1 na kukurudisha kwenye kosa la mwanzo bila kulalamika. Jambo jingine la kuangalia: kovarianzi zikiwa hasi sana, jumla yake inaweza kushuka chini ya sifuri. Hapo programu hutoa onyo na kuendelea kwa h = 1, na jibu unaloliona si la swali uliloliuliza. Weka `varestimator = "bartlett"`, inayopunguza uzito wa kovarianzi kadiri umbali unavyokua, na varianzi haitakuwa hasi.

Kabla ya kuamini namba yoyote, chora tofauti hizo kwa mpangilio wa wakati. Jumla yake hapa ni 14.4, kwa hiyo ile robo moja yenye 4.00 imebeba zaidi ya robo ya faida yote ya B. Binafsi nikiona hivyo huripoti pia hasara kwa kosa lenyewe bila mraba, kwa kutumia `power = 1`, kwani mraba humpa mshtuko mmoja sauti kubwa kupita kiasi.

Na kama B ni A ileile iliyoongezewa kigezo kimoja, usitumie jaribio hili kuuliza kama kigezo hicho kina kazi. Kikiwa hakina, tabiri mbili hukaribiana kadiri data za kukadiria zinavyoongezeka, tofauti zake pamoja na varianzi ya tofauti hizo huelekea sifuri, na mgawanyo wa t hautumiki tena. Kwa hali hiyo kuna marekebisho ya Clark na West ya mwaka 2007, yanayofidia kelele ambayo kukadiria kigezo cha ziada huiongeza kwenye makosa ya B.