Kishimo safi hakisemi kama bakteria wamekufa

Kijana anayejifunza kazi kwenye maabara yetu hapa Mtwara aliinua sahani ya vishimo 96 vyenye bakteria na mchanganyiko wa dawa mbili kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza: "Dada, hivi vyote ni safi kabisa. Si wamekufa hawa?"

"Wamezuiwa kukua, mdogo wangu. Kufa bado hatujapima."

Jicho linaanza kuona ukungu kwenye kishimo pale bakteria wanapofika kama milioni 10 kwa mililita. Sisi tunapanda laki 5. Kwa hiyo kishimo safi kinaweza kuwa na laki 5 walio hai, au kisiwe na hata mmoja, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Sahani hiyo tunaipanga kama ubao wa drafti. Dawa ya kwanza inapungua nusu kwa nusu kuelekea upande mmoja, ya pili inapungua kwenda chini, hivyo kila kishimo kina mchanganyiko wake. Chukua enterokokasi, bakteria ambaye ampisilini humsimamisha lakini mara nyingi humuua kwa shida. Tuseme ampisilini peke yake inamzuia kwa miligramu 1 kwa lita, na jentamaisini peke yake kwa 16. Zikiwa pamoja, kishimo kizuri kuliko vyote kina ampisilini 0.5 na jentamaisini 4. Kila dawa unaigawa kwa kiwango chake cha peke yake, kisha unajumlisha:

```
0.5/1 + 4/16 = 0.75
```

Dawa huhesabiwa kuwa zinasaidiana jumla ikiwa 0.5 au chini yake. Ikizidi 4, zinapingana. Mpaka umewekwa mbali hivyo kwa sababu usomaji wa kila dawa unaweza kuteleza hatua moja, yaani mara mbili au nusu, bila mtu kukosea chochote. Kwa 0.75 huna haki ya kudai ushirikiano. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba dawa hazisaidiani. Kwa enterokokasi hilo ni kosa, maana msaada wenyewe uko kwenye kuua: ampisilini inaharibu ukuta wa bakteria, jentamaisini inapata njia ya kuingia ndani, mahali ambapo peke yake hupenya kwa shida.

Ndiyo maana tunahesabu walio hai. Tunaandaa chupa nne zenye laki 5 kwa mililita: isiyo na dawa, yenye ampisilini 1, yenye jentamaisini 4, na yenye zote mbili. Saa 0, 2, 4, 8 na 24 tangu kuanza tunachota kidogo, tunapunguza mara kumi kumi kwa maji ya chumvi, tunapaka mililita 0.1 kwenye aga, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, na kesho yake tunahesabu koloni, yaani vidoa ambavyo kila kimoja kimeota kutokana na bakteria mmoja.

Tuseme baada ya saa 24 chupa isiyo na dawa na ile ya jentamaisini zote zimefika karibu bilioni 1. Hilo ni jambo zuri: jentamaisini 4 peke yake haifanyi kitu, kwa hiyo tofauti yoyote kwenye mchanganyiko ni ya ushirikiano. (Chupa isiyo na dawa ikibaki chini, shuku inkubeta kwanza, hasa kama umeme ulikatika usiku.) Ya ampisilini, iliyopunguzwa mara 100, imetoa koloni 47; yaani 47,000 kwa mililita, ambayo kwa logi ya msingi wa 10 ni 4.7.

Mchanganyiko sasa. Sahani ya sampuli isiyopunguzwa haina koloni hata moja. Usishangilie. Tazama ile iliyopunguzwa mara kumi: ina koloni 4. Kama hizo 4 ni za kweli, isiyopunguzwa ilipaswa kuwa na kama 40. Dawa iliyobebwa na sampuli imeendelea kuzuia bakteria juu ya aga. Tiba yake ni kuzungusha sampuli kwenye sentrifyuji, kumwaga maji yenye dawa, kuosha kwa maji ya chumvi na kupaka upya. Safari hii zinatoka koloni 38, sawa na 380 kwa mililita, logi 2.6.

Tulianza na logi 5.7. Kushuka ni 3.1, na kuanzia 3 tunasema dawa imeua, maana asilimia 99.9 wameondoka. Dhidi ya ampisilini peke yake tofauti ni 2.1, na kuanzia 2 tunasema dawa zinasaidiana. Bakteria yuleyule, dawa zilezile, ila ubao wa drafti ulikuwa umekataa.

Ukichora hesabu hizo kwenye grafu kwa saa, angalia pia umbo la mstari, si mwisho wake tu. Ukishuka hadi saa ya 8 kisha ukapanda kufikia saa 24, wapo waliopona na kuzaana, na hao wapimwe upya usugu wao.

Kabla ya kazi yote hii, mpande bakteria kwenye jentamaisini miligramu 500 kwa lita. Akiota hapo, usiandae chupa za jentamaisini: usugu wa kiwango hicho unaondoa msaada wake kwa ampisilini hata ukuta ukiwa wazi, kwa sababu kwa kawaida bakteria ana kimeng'enya kinachoiharibu dawa ikishaingia.