Kwa Nini Barafu Yenye Chumvi Huwa Baridi Kuliko Barafu Tupu

Mkazi wa Dar es Salaam anayejaribu kutengeneza aiskrimu bila friza kwa kuizungushia sufuria ya maziwa vipande vya barafu hushangaa kuona saa nzima imepita na maziwa yamepoa tu, hayajaganda. Barafu inayoyeyuka hubaki katika nyuzi 0 za Selsiasi mpaka iishe, ilhali maziwa yaliyotiwa sukari huanza kuganda yanapofika nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Barafu tupu, hata ikijaa ndoo, haiwezi kuyafikisha huko.

Chumvi hubadilisha hali hiyo. Kwenye uso wa barafu, molekuli za maji huchomoka na kuwa kimiminika wakati nyingine zinarudi na kuganda, na katika nyuzi 0 idadi ya zinazotoka hulingana na ya zinazorudi. Chumvi inapoyeyuka katika maji yaliyo juu ya barafu, chembe zake huchukua sehemu ya nafasi ya maji, hivyo molekuli zinazorudi hupungua huku zinazotoka zikiendelea kama kawaida. Barafu huyeyuka ingawa hakuna aliyeipasha moto. Lakini kuyeyuka kunahitaji joto, takriban juli 334 kwa kila gramu, na joto hilo hutolewa kwanza na barafu yenyewe pamoja na maji yanayoigusa. Ndiyo maana mchanganyiko wote hushuka chini ya sifuri. Wengi husema kwamba chumvi huleta baridi. Kwa kweli chumvi huilazimisha tu barafu iyeyuke, na barafu hulipia gharama hiyo kwa joto lake yenyewe.

Tuchukue nusu lita ya maziwa yenye gramu 100 za sukari, katika sufuria ndogo ya alumini yenye mfuniko, ndani ya ndoo yenye kilo 3 za barafu iliyopondwa na nusu kilo ya chumvi ya mawe. Barafu na chumvi zipangwe kwa tabaka, na ndoo ifungwe gunia ili joto la nje lisiimalize barafu mapema. Kilo 2 za barafu zikishayeyuka, chumvi itakuwa asilimia 20 ya uzito wa maji hayo pamoja na chumvi yenyewe, na maji ya aina hiyo huganda karibu nyuzi 16 chini ya sifuri. Barafu yote ikiyeyuka, chumvi itakuwa imepungua hadi asilimia 14 hivi, na kiwango hicho kitakuwa kimepanda hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa hiyo aiskrimu ina nafasi ya kutosha kuganda, mradi ikorogwe kila baada ya dakika chache na ile inayoshika kandokando ikwanguliwe, la sivyo itajaa chenga za barafu.

Asiye na kipimajoto na atazame ndoo, ikiwa ni ya bati na haijafunikwa gunia sehemu fulani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo ndoo itatoka jasho kwa vyovyote. Jasho hilo likigeuka sakitu, yaani ukoko mweupe unaokwanguka kwa kucha, ukuta wa ndoo umeshuka chini ya sifuri. Likibaki matone, chumvi haitoshi au haijaenea. Barafu iliyotoka friza sasa hivi mara nyingi ni kavu na chumvi hukaa juu yake bila kufanya kazi, hivyo inyunyiziwe maji kidogo kwanza. Mkono usitumbukizwe humo, kwa maana maji ya baridi hiyo huunguza ngozi.

Kuongeza chumvi bila kikomo hakusaidii. Maji yakifikia takriban asilimia 23 ya chumvi, kiwango cha kuyeyuka huwa kimefika mwisho wake, yaani nyuzi 21 chini ya sifuri, na chumvi ya ziada hubaki chini ya ndoo.

Katika nchi za baridi, chumvi hiyohiyo humwagwa barabarani, ila huko kinachotafutwa ni maji, si baridi. Joto la kuyeyusha barafu hutoka kwenye lami, ardhi na hewa, nayo chumvi huyazuia maji yasigande tena. Hewa ikiwa nyuzi 3 chini ya sifuri, kazi huenda haraka. Ikishuka karibu nyuzi 10 chini, chumvi huyeyusha polepole mno, na mafundi wa barabara huigeukia kalsiamu kloridi, ambayo hufanya kazi katika baridi kali zaidi na hutoa joto inapoyeyuka. Hatari nyingine huja theluji mpya inapoanguka: maji ya chumvi huzimuliwa, kiwango chake cha kuganda hupanda kurudi karibu na sifuri, na barabara iliyokuwa majimaji jioni huamka na utando wa barafu ambao dereva hauoni.