Mbuzi anakula mchicha, au mbuzi hula mchicha?

"Kwa nini mara tunasema 'anakula' na mara 'hula', na nitajuaje lipi linafaa katika sentensi fupi isiyo na maelezo mengine?"

Chukua mbuzi wa jirani. Mtoto akikuambia, "Mbuzi wa jirani anakula mchicha," unainuka na fimbo, kwa sababu mbuzi yuko bustanini saa hii. Akikuambia, "Mbuzi wa jirani hula mchicha," huna haja ya kukimbia. Anakueleza tabia ya mnyama huyo, na dawa yake ni ua. Huenda sasa hivi mbuzi mwenyewe amelala kivulini.

Basi -na- hukuonyesha tendo likiwa linaendelea, na hu- hukuonyesha mazoea. Ndiyo sababu methali zinaipenda hu-: "Haba na haba hujaza kibaba" haisemi juu ya kibaba fulani kinachojaa leo.

Umbo nalo linatofautiana. Katika a-na-ku-la, a- ni ya mtendaji na -na- ni ya wakati. Katika hu-la hamna kiambishi cha mtendaji kabisa: mimi hula, wewe hula, sisi hula, wao hula. Kwa hiyo ukiandika "Hula wali" peke yake, msomaji atauliza ni nani, isipokuwa kama mtu huyo ametajwa kabla. Hata idadi hufichika. "Paka hula panya" yaweza kuwa paka mmoja au paka wote duniani, ilhali "Paka anakula panya" ni mmoja tu.

Mbona -ku- iko katika anakula na haimo katika hula? Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na -na- haiubebi mkazo huo. Kitenzi kikiwa na silabi moja, kama la, nywa au ja, -ku- huingia kuubeba: anaKUla, anaKUnywa, anaKUja. Hu- hujitosheleza: HUla, HUnywa, HUja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu aliyezoea "anakula" huandika "Baba hukula ugali kila siku". Kosa hili si dogo, maana "hukula" ni neno jingine lenye maana yake: wewe hukula, yaani jana chakula kilikupita. Vivyo hivyo "hukuja" na "hukwenda". Ukitaka mazoea, sema baba hula, baba huja, baba huenda.

Mtego mwingine ni wa wewe. Kanusho la wewe nalo huanza na hu-, ila vitenzi vya Kibantu hubadili mwisho na kuwa -i, kwa hiyo hakuna tatizo: "Wewe husoma" ni mazoea, "Wewe husomi" ni kukana. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ndivyo vinavyosumbua, kwa kuwa mwisho wake haubadiliki. "Wewe hujibu barua" yaweza kuwa sifa, kwamba kila ukiandikiwa unajibu, na yaweza kuwa lawama. Hali ni hiyo hiyo kwa husali, hurudi, hufikiri na husamehe. Kwa mtu mwingine utata haupo: "Amina hujibu" ni mazoea, na kumkanushia ni "Amina hajibu". Ukimwambia mtu ana kwa ana, salama zaidi ni "Wewe huwa unajibu barua". Hapo huwa imebeba mazoea, na unajibu haiwezi kusomeka kama kanusho.

Na usishangae ukisikia "Anakula nyama?" kwa maana ya kama mgeni ni mtu wa kula nyama, hata kabla hajafika mezani. Katika mazungumzo -na- imepanuka hadi kwenye eneo la hu-, na mtu husema "Anakunywa chai kila asubuhi" bila kukosolewa na yeyote. Njia haina marejeo, kwani hu- haijapanuka upande wa pili: "Sasa hivi anakula" ni sawa, "Sasa hivi hula" haisemeki. Basi jaribio ni rahisi. Tia "sasa hivi" mbele ya sentensi. Ikikataa, mahali pake ni pa hu-. Ikikubali, tazama kama unazungumzia tendo lililo mbele ya macho yako, au umesema -na- kwa mazoea ya mdomo tu.

Kwenye kukana, tofauti yote hupotea. "Hali nyama" ni kanusho la anakula na pia la hula, kwa hiyo anayetaka kueleweka huongeza neno: "Kwa kawaida hali nyama", au "Saa hizi hali, amelala."