Tende za zawadi: fungua moja kabla hujalipia boksi zima

Boksi la tende la zawadi huuzwa kwa kifuniko chake, lakini anayepelekewa atakula kilichomo ndani. Kwa hiyo mimi huanza na tende yenyewe, na boksi hulitazama mwisho.

Muuzaji akikuruhusu, chukua tende moja uipasue kwa urefu mpaka kwenye kokwa. Usiiume, ipasue kwa vidole na uitazame penye mwanga. Funza wa nondo hukaa pale katikati, na hata akishaondoka huacha chengachenga za kahawia zinazofanana na unga wa kahawa. Kwa nje tende hiyo inaweza kuwa inang'aa bila doa. Ukikuta chenga katika moja, pasua ya pili na ya tatu kutoka pembe nyingine za boksi. Mbili kati ya tatu zikiwa nazo, achana na mzigo huo.

Baada ya hapo inuse. Tende nzuri inanukia asali au sukari iliyoungua kidogo. Harufu ya siki au pombe ina maana kwamba unyevu ulizidi, hamira ikaingia na tende ikaanza kuchachuka; kuipoza kwenye friji hakutaiponya.

Penye madoa meupe ndipo wengi hukosea, wakatupa tende nzima au wakanunua mbovu. Tende laini iliyokaa muda mrefu hutoa sukari, na sukari hiyo huganda chini ya ngozi au juu yake kama chembe ngumu. Dondoshea tone la maji ya uvuguvugu, kisha sugua kwa kidole. Sukari itayeyuka. Ukungu una manyoya, unanuka uvundo, na ukiusugua hupakaza tu. Tende yenye sukari ni salama kuliwa, ila si ya mavuno mapya, kwa hiyo usiilipie bei ya mpya.

Hilo la upya lina hesabu yake. Katika nchi nyingi zinazolima tende, mavuno makubwa huwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati sikukuu zinazofuata mwandamo wa mwezi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Sikukuu ikiangukia Julai, tende nyingi zilizopo sokoni zina miezi tisa au zaidi tangu kuvunwa. Hapo swali la maana ni zilihifadhiwa wapi: kwenye baridi au kwenye stoo yenye joto? Tarehe ya kufungashwa haikujibu, maana tende za zamani zinaweza kufungashwa jana.

Mng'ao mwingi nao utilie shaka. Tende ikishika vidoleni kama gundi, soma orodha ya viambato. Sharubati ya glukosi ikitajwa, unanunua sukari ya kupakwa juu. Ngozi iliyovimba na kuachana na nyama, kwa upande wake, haiharibu ladha. Inashusha daraja tu, na ni sababu halali ya kuomba bei ipungue.

Sasa bei. Chukua maboksi mawili ya aina moja ya tende, maana Ajwa na tende ya kawaida hazipimwi kwa mzani mmoja wa bei. La kwanza lina kitambaa cha hariri, linauzwa 1,200 kwa fedha unayotumia, na ndani mna tende 24 zenye gramu 400. La pili ni trei ya kawaida: 900, tende 25, gramu 500. Ondoa kokwa, ambayo kwa tende yenye nyama ni karibu sehemu moja ya kumi. Zinabaki gramu 360 na 450 za kuliwa. Gramu 100 za boksi la kwanza zinakugharimu 333, za la pili 200. Kwa bei ya trei, nyama ya boksi la hariri ingekuwa 720. Zile 480 zilizobaki, asilimia 40 ya bei, ni za boksi. Tena tende zake ni ndogo: wastani wa gramu 17 kila moja, dhidi ya 20. Mimi ningechukua trei na kununua boksi tupu la 150. Jumla ni 1,050, na tende zimeongezeka.

Uzito unaoutumia uwe wa tende pekee bila vifungashio. Bonyeza pia sehemu ya chini ya boksi, kwani karatasi iliyokunjwa huinua safu moja ionekane kama mbili.

Tende zilizojazwa lozi ziagize siku mbili tatu kabla ya sikukuu, si mwezi mzima. Lozi hunyonya unyevu wa tende ikapoteza ukavu wake, na mafuta yake huchacha kabla tende haijaharibika. Kwa sababu hiyohiyo usiweke biskuti au halua wazi kwenye trei moja na tende. Kila kimoja kifungwe peke yake. Ukiongeza aprikoti kavu, zile za rangi ya chungwa angavu zimetiwa salfa, inayoweza kumsumbua mwenye pumu. Za kahawia hazivutii macho, lakini kwa mtu huyo ndizo za kununua.

Ukishanunua mapema, weka boksi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Siku ya kupeleka, litoe saa chache kabla na usifungue mfuko mpaka joto lisawazike, ili umande ugande juu ya mfuko na si juu ya tende.