Vumbi la miaka ishirini iliyopita kwenye picha ya kifua

Je, mtu aliyeacha kuchimba miamba miaka ishirini iliyopita anajulikanaje kwamba mapafu yake yaliharibiwa na kazi ile, hata alipwe fidia?

Vumbi la mawe yenye madini ya silika huacha alama, na alama hiyo haifutiki. Chembe zinazodhuru ni ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo vumbi unaloliona likitimka silo la kuogopa zaidi. Zikifika ndani kabisa ya pafu, seli za ulinzi huzimeza, kisha zenyewe hufa na kuziachia tena. Nyingine huja kuzimeza, nazo hufa. Panapotokea hayo hujengeka kovu dogo la mviringo, na makovu huendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi; ugonjwa huu huitwa silikosisi.

Tuchukue fundi aliyetoboa miamba toka 1988 hadi 2000. Mwaka 2019 anaanza kuhema akipanda ngazi. Anapewa dawa za kifua kikuu, ingawa vipimo vya makohozi havikuonyesha vimelea. Kosa hili ni la kawaida, maana silikosisi na kifua kikuu hufanana kwenye picha, na kwa bahati mbaya silika humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi. Anaweza kuwa nayo yote mawili.

Msomaji mzoefu wa eksirei huiweka picha yake kando ya picha za mfano za Shirika la Kazi Duniani. Anaona vivuli vidogo vya mviringo, pande zote mbili, vingi vikiwa sehemu ya juu ya mapafu. Anaandika 2/1: yaani ameamua ni daraja la pili, ila aliwazia kwa dhati daraja la kwanza. Daraja la sifuri ni pafu lisilo na vivuli vya kutosha kuhesabiwa, na kwa kawaida ugonjwa huanza kukubaliwa kwenye 1/0.

Picha peke yake haitoshi, na hapa ndipo madai mengi hukwama. Lazima ithibitike kwamba alivuta vumbi hilo, kwa muda wa kutosha. Kampuni huenda ilishafungwa. Hati ya malipo, kadi ya chama cha wafanyakazi au ushuhuda wa wenzake wa zamu hujaza pengo. Historia ya kazi ikitimia, sheria nyingi hudhani ugonjwa umetokana na kazi, na anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha vinginevyo.

Kiasi cha fidia hutegemea zaidi kipimo cha kupuliza pumzi kwenye mashine, na hapo picha mbaya inaweza kuambatana na pumzi nzuri. Kuhusu muda wa kudai, sheria nyingi huanza kuhesabu siku aliyoambiwa ugonjwa wake, 2019, si siku alipoweka chini mashine ya kutoboa miamba.