Kabla Skripti Yako Haijamfikia Prodyuza

Malalamiko mengi ya waandishi wa filamu yanaanza na kauli moja: "Wameiba wazo langu." Hapo hapo mlalamikaji anakuwa ameegemea upande ulio dhaifu zaidi wa madai yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, hailindi wazo. Inalinda namna ulivyoliandika: mpangilio wa matukio, wahusika ulivyowajenga, majibizano yao, sini moja inavyozaa nyingine.

Tuseme mwandishi wa Tanga ana hadithi ya mjane wa nahodha anayerithi jahazi pamoja na deni lake. Mjane, jahazi na deni ni mali ya kila mtu, na watu wawili wanaweza kuandika filamu mbili juu ya hayo bila yeyote kumwibia mwenzake. Lakini prodyuza akichukua kurasa zake 94, akabadilisha majina na kubakiza sini zilezile kwa mfuatano uleule, hilo ni jambo jingine. Ili ashinde, mwandishi atahitaji kuonyesha mambo mawili: kwamba maandishi yake yalitangulia, na kwamba prodyuza aliyaona.

Tuanze na la kutangulia. Kila rasimu ibaki faili lake. Usiandike rasimu ya tatu juu ya ya pili. Weka namba ya rasimu na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, na uzirudie kwenye jina la faili:

`deni_la_jahazi_rasimu3_2025-03-14.pdf`

Hata hivyo, tarehe uliyoiandika mwenyewe haina uzito mkubwa. Tarehe ya faili kwenye kompyuta nayo hubadilika kwa kurudisha saa nyuma, na wakati mwingine kwa kunakili tu. Kwa hiyo siku unapoimaliza rasimu, jitumie kwa barua pepe, na usiifute barua hiyo. Tarehe yake inawekwa na mitambo ambayo huiendeshi wewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, na katika kuupima, mahakama huangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Hifadhi pia rasimu mbovu za mwanzo zenye masahihisho. Mwizi huwa na nakala safi ya mwisho. Ni vigumu kwake kuonyesha mhusika alivyozaliwa na sini zilizotupwa njiani.

Kisha usajili. Haki yako huanza pale kazi inapoundwa, hata kama hukusajili popote. Cheti cha Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ni ushahidi kwamba siku fulani ulijitokeza ukasema kazi hii ni yako, na mwenye ushahidi wa zamani zaidi anaweza kukipinga. Sajili skripti nzima, si muhtasari wa ukurasa mmoja, maana kitakacholinganishwa baadaye ni hicho ulichokiwasilisha. Kama mliandika wawili, majina yote mawili yaingie. Ukibadilisha mwisho wa hadithi au kuongeza wahusika wakuu baada ya kusajili, sajili tena toleo jipya kabla ya kulituma. Na kibali cha Bodi ya Filamu si usajili wa hakimiliki, ingawa wengi huvichanganya.

Wazo lenyewe, ambalo hakimiliki hailigusi, linaweza kulindwa kwa makubaliano ya kutunza siri. Hapa waandishi huharibu kwa kutaka makubwa. Karatasi inayomkataza prodyuza kutengeneza filamu yoyote kuhusu majahazi, au inayotaja faini ya mamilioni, haisainiwi, na kukataa huko ni halali. Maneno ya kadiri yanatosha:

"Mpokeaji amepewa skripti ya *Deni la Jahazi*, rasimu ya 3 ya tarehe 14 Machi 2025, kurasa 94, ili aisome na kuamua kama atapenda kuitayarisha. Kwa miaka 2 hatampa mtu mwingine, wala hatatumia hadithi, wahusika au majibizano yake, bila idhini ya maandishi ya mwandishi. Sharti hili halihusu jambo alilokuwa nalo kwa maandishi kabla ya kuipokea, wala lililokwisha kujulikana hadharani."

Nguvu yake iko katika kutaja rasimu na tarehe. Kifungu cha mwisho kinamhakikishia prodyuza kwamba hutamzuia kuendelea na kazi zake mwenyewe, na bila hicho wengi hawatasaini.

Akikataa kusaini hata hivyo, mpe muhtasari kwanza, na skripti baadaye akionyesha nia ya kweli. Unapoituma, tumia barua pepe, si kumkabidhi flashi mkononi. Andika kwamba unaituma kwa ajili ya kusomwa tu, na umwombe athibitishe kuipokea. Jibu lake fupi, "Nimeipata, nitaisoma," ndilo litakaloonyesha siku ile ya madai kwamba skripti ilimfikia.